Faili la README lililoandikwa kwa aya moja: dalili, sababu na namna ya kulipanga upya

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye faili la README ambalo lina karibu kila anachohitaji msomaji, ila vyote vimemiminwa katika aya moja ndefu isiyo na vichwa wala mapumziko. Ubovu wa faili la namna hiyo hauonekani kwa kulisoma, hasa kwa aliyeliandika, kwa sababu yeye anajua tayari kila kitu kilipo. Unaonekana katika maswali na malalamiko ya watumiaji, nao huuliza mambo ambayo majibu yake yamo humo humo. Kwa hiyo tutaanzia kwenye dalili, tutafute chanzo cha kila moja, kisha tuhamishe maandishi kwenda katika sehemu tatu: Kusakinisha, Matumizi na Kuchangia.

Mfano nitakaoutumia ni wa kutunga, lakini kasoro zake ni zile zile ninazozikuta katika repo za kweli. Ni programu ndogo ya Python inayosoma faili la CSV la vipimo vya mvua na kutoa jumla ya kila mwezi. Kifurushi chake kinaitwa `jumla-mvua`, na amri inayoandikwa kwenye terminali ni `mvua`. README yake inasomeka hivi:

> Hii ni programu ya kujumlisha vipimo vya mvua kutoka faili la CSV, imeandikwa kwa Python, ukishafanya `git clone` ingia kwenye folda halafu `pip install -e .[dev]` na uhakikishe `pytest` inapita kabla ya kutuma mabadiliko, jumla ya kila mwezi unaipata kwa `mvua jumla vipimo.csv` na ukitaka inchi ongeza `--inchi`, usitumie `sudo`, faili liwe na safu ya `tarehe` na safu ya `mm`, inahitaji Python 3.10 au zaidi, kama huna haja ya kubadilisha msimbo `pip install jumla-mvua` inatosha.

Hakuna uongo ndani ya aya hiyo. Tatizo ni kwamba inazungumza na watu watatu kwa wakati mmoja, nayo haimwambii yeyote kati yao ni wapi zamu yake inapoanza na kuishia. Wa kwanza anataka programu iwepo kwenye kompyuta yake. Wa pili anayo tayari, anataka jumla ya mwezi wa Machi. Wa tatu ameona hitilafu katika msimbo na anataka kuirekebisha. Karibu kila dalili iliyoelezwa hapa chini inatokana na mmoja wao kutekeleza maagizo yaliyokusudiwa mwenzake.

## Dalili: faili lina mistari mingi, lakini ukurasa unaonyesha aya moja

Kabla ya kugusa maneno, fungua faili ghafi katika kihariri na ulinganishe na ukurasa unaoonekana kwenye kivinjari. Mara nyingine mwandishi alipanga vizuri kabisa, na ukuta umejengwa na namna Markdown inavyosomwa. Katika Markdown, kubonyeza Enter mara moja hakuanzishi aya mpya. Mistari miwili inayofuatana huunganishwa kuwa aya moja, na kinachotenganisha aya ni mstari mtupu. Watu wengi hunaswa hapa kwa sababu GitHub ina tabia mbili: ukiandika maoni au ripoti ya hitilafu, Enter moja huonekana kama mstari mpya, ilhali ndani ya faili la `.md` lililomo kwenye repo haionekani. Mtu anazoea tabia ya kwanza, anaandika README kwa kuitegemea, kisha anashangaa.

Ikiwa maandishi yote yanaonekana bila muundo wowote na alama za `#` na nyota zinasomeka kama zilivyo, tazama jina la faili. `README` tupu au `README.txt` huonyeshwa kama maandishi ya kawaida. Likiitwa `README.md` ndipo Markdown inaposomwa. Ikiwa ni kichwa kimoja tu ndicho kinachokataa, angalia nafasi baada ya alama: `#Kusakinisha` si kichwa, `# Kusakinisha` ndicho. Na ikiwa aya imegeuka kuwa mstari mmoja mrefu ndani ya kisanduku cha kijivu unaosogezwa kwa kulia, basi imeanza kwa nafasi nne au zaidi, na Markdown imeichukulia kuwa msimbo. Hili hutokea sana kwa maandishi yaliyobandikwa kutoka kwenye barua pepe.

Kama sababu ni mojawapo ya hizo, marekebisho ni ya dakika chache. Kama faili ghafi nalo ni aya moja, endelea.

## Dalili: programu ilifanya kazi jana, leo haifunguki

Hii ndiyo dalili inayosumbua kuliko zote, na ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi kwa nini sehemu ya Kusakinisha na sehemu ya Kuchangia lazima zitengane. Mtumiaji anaripoti kwamba alifuata maagizo, akapata jumla zake, na siku iliyofuata akaandika amri ile ile akajibiwa hivi:

```
ModuleNotFoundError: No module named 'mvua'
```

Ukimuuliza alifanya nini katikati, atasema hakufanya lolote, isipokuwa alisafisha folda ya vitu alivyopakua. Hapo ndipo penye jibu. Alisoma aya kuanzia juu, na amri ya kwanza ya kusakinisha aliyokutana nayo ni `pip install -e .[dev]`. Alama ya `-e` inaiagiza `pip` isinakili programu, bali iweke kielekezo kwenda kwenye folda ya msimbo yenyewe. Kwa anayebadilisha msimbo hilo ni jambo zuri, maana kila anachokihariri kinaanza kufanya kazi papo hapo bila kusakinisha tena. Kwa mtumiaji wa kawaida ni mtego: akifuta folda au akiihamisha, amri ya `mvua` inabaki ikielekeza mahali pasipo na kitu. Sentensi iliyomhusu yeye, ile ya `pip install jumla-mvua`, ilikuwa mwisho kabisa wa aya, na hakuwa na sababu ya kuendelea kusoma wakati ameshafanikiwa.

Amri hiyo hiyo ina dalili nyingine kwa watumiaji wa Mac. Tangu toleo la macOS 10.15 la mwaka 2019, terminali ya Mac hutumia zsh, nayo huyachukulia mabano ya mraba kuwa ni kielelezo cha kutafutia majina ya mafaili. Wanapata ujumbe huu:

```
zsh: no matches found: .[dev]
```

Dawa yake ni alama za kunukuu, `pip install -e ".[dev]"`, na nashauri ziwe mbili mbili kwa sababu zinafanya kazi hata kwenye Windows. Lakini zingatia kwamba wengi wanaoripoti kosa hili hawakupaswa kuifikia amri hiyo kabisa. Ukirekebisha nukuu bila kuhamisha amri kwenda Kuchangia, umeziba tundu dogo na kuacha kubwa.

Sababu ya pili ya kukwama ni sharti linalotajwa baada ya hatua inayolitegemea. Katika mfano wetu, Python 3.10 inatajwa karibu na mwisho. Mtu mwenye Debian 11, ambayo huja na Python 3.9, akiandika `pip install jumla-mvua` hataambiwa kwanza kwamba Python yake ni ya zamani. Mstari wa mwisho anaouona, ambao ndio atakaounakili kwenye swali lake, ni huu:

```
ERROR: No matching distribution found for jumla-mvua
```

Atahitimisha kwamba kifurushi hakipo au kwamba jina limekosewa. Ukiona swali la aina hiyo, usianze kukagua jina. Uliza toleo la Python, kisha hakikisha kwamba sharti hilo ndilo sentensi ya kwanza chini ya kichwa cha Kusakinisha, juu ya amri yoyote.

Sababu ya tatu ni maneno "usitumie `sudo`" yasiyo na maelezo. Kwenye Debian 12, na kwenye Ubuntu kuanzia 23.04, `pip` hukataa kusakinisha ndani ya Python ya mfumo na kutoa kosa la `externally-managed-environment`, ili vifurushi vya mfumo wenyewe visivurugwe. Mtu aliyekatazwa `sudo` bila kupewa njia mbadala ataijaribu `sudo`, itakataa pia, kisha atatafuta mtandaoni namna ya kulilazimisha. Katazo lenyewe ni sahihi, lakini mahali pake pazuri ni ndani ya hatua: waonyeshe watengeneze mazingira pepe, na hapo swali la `sudo` halitazuka.

Baada ya kuchambua hayo, sehemu ya Kusakinisha ya programu hii inabaki na sentensi tatu na amri nne. Sentensi ya kwanza inataja Python 3.10 au zaidi pamoja na amri ya kulitazama toleo, `python3 --version`. Ya pili inasema kwamba kwenye Debian na Ubuntu huenda ukahitaji kwanza kifurushi cha `python3-venv`. Kisha amri:

```
python3 -m venv .venv
. .venv/bin/activate
pip install jumla-mvua
mvua --version
```

Sentensi ya tatu inawaeleza wa Windows kwamba mstari wa pili kwao ni `.venv\Scripts\activate`, na kwamba wa kwanza huanza na `py` badala ya `python3`. Amri ya mwisho haisakinishi kitu. Ipo ili msomaji ajue mwenyewe kama amefika. Inasaidia pia pale jina la kifurushi na jina la amri yanapotofautiana, kama hapa, kwa kuwa mtu aliyesakinisha `jumla-mvua` kwa kawaida ataandika `jumla-mvua` kwenye terminali na kuambiwa amri hiyo haipo.

## Dalili: amri ni sahihi, lakini ikinakiliwa inakataa

Amri iliyofumwa ndani ya sentensi hunakiliwa pamoja na koma au nukta inayoifuata. Msomaji anapewa `mvua jumla vipimo.csv,` na programu inasema kwamba faili la `vipimo.csv,` halipo. Koma ile ni ndogo kiasi kwamba watu wawili wanaweza kuitazama kwenye skrini wasiione. Amri ambayo msomaji anatarajiwa kuitekeleza iwekwe peke yake kwenye kisanduku cha msimbo, kilichofunguliwa na kufungwa kwa alama tatu za kinukuu cha nyuma. Zile zinazotajwa tu katika maelezo zinaweza kubaki ndani ya sentensi.

Usianze mistari hiyo kwa alama ya dola. Ni desturi ya zamani ya kuonyesha kwamba mstari ni amri, lakini anayenakili kisanduku kizima ataibeba na ganda la terminali litajaribu kuendesha programu iitwayo `$`. Desturi hiyo ina faida pale tu unapochanganya amri na matokeo yake katika kisanduku kimoja. Kwa mwongozo wa kufuatwa, nadhani ni bora kuvitenganisha.

Chanzo kingine ni maandishi yaliyopitia kwenye programu ya kuandikia nyaraka kabla ya kufika kwenye repo. Programu hizo hugeuza vistari viwili kuwa kimoja kirefu na kupinda alama za kunukuu. Matokeo yake ni ujumbe huu:

```
mvua: error: unrecognized arguments: –inchi
```

Ukiutazama kwa karibu utaona kistari kimoja kirefu mahali palipotakiwa vifupi viwili. Macho huchoka kukagua hivyo faili zima, basi itafute kwa `grep`:

```
grep -n '[–—“”‘’]' README.md
```

Amri hii itakuonyesha pia alama halali zilizomo katika maelezo, na hizo ziache. Unachotafuta ni zilizoingia ndani ya amri.

## Dalili: programu imesakinishwa, lakini mtu hajui aanzie wapi

Hapa kasoro ya ukuta ni kwamba inataja chaguo kabla ya kuonyesha matumizi kamili hata mara moja. Katika aya yetu, `--inchi` inaelezwa kabla ya msomaji kuambiwa faili lake liwe na safu zipi. Mwenye faili ambalo safu yake inaitwa `Mvua` badala ya `mm` atapata `KeyError: 'mm'`, na ujumbe huo haumwambii chochote kama hajui Python.

Sehemu ya Matumizi ianze na mfano mmoja mzima, wenye data ndogo inayotosha kuandikwa kwa mkono, amri, na matokeo kama yanavyoonekana. Kwanza faili:

```
tarehe,mm
2024-03-01,12.4
2024-03-02,0
2024-04-10,31.0
```

Kisha amri ya `mvua jumla vipimo.csv` kwenye kisanduku chake, na chini yake matokeo:

```
2024-03   12.4
2024-04   31.0
```

Mfano huu unafanya kazi ambayo sentensi nyingi zisingeifanya. Msomaji anaona muundo wa tarehe, anaona kwamba siku isiyo na mvua huandikwa 0, anaona kwamba kitenganishi cha desimali ni nukta. Baada yake ndipo sentensi ya masharti inapopata maana: safu mbili zinahitajika, kwa majina hayo hayo na kwa herufi ndogo. Ndipo chaguo la `--inchi` linapofuata.

Kuhusu orodha kamili ya chaguo, maoni yangu ni kwamba isiwekwe humu ikiwa programu ina `--help` inayoeleweka. Orodha mbili za kitu kimoja huachana baada ya muda, na ya README ndiyo huchakaa kwanza, kwa sababu anayeongeza chaguo jipya yuko ndani ya msimbo, si ndani ya README. Onyesha matumizi mawili au matatu yanayoulizwa zaidi, kisha mwelekeze msomaji kwenye `mvua jumla --help`.

## Dalili: michango inakuja bila majaribio, au haiji kabisa

Anayetaka kuchangia husoma README kwa kurukaruka. Anatafuta neno linalomhusu, na katika ukuta halipo mahali pa kuonekana. Wengine hutuma mabadiliko bila kuendesha `pytest`, kwa kuwa agizo hilo lilibanwa katikati ya usakinishaji. Wengine huona hakuna dalili ya kukaribishwa na kuondoka.

Sehemu ya Kuchangia ndani ya README iwe fupi: jinsi ya kupata msimbo, jinsi ya kuusakinisha kwa kuuhariri, amri ya majaribio, na mahali pa kuuliza kabla ya kuanza kazi kubwa. Yakizidi hayo, kama vile kanuni za majina ya matawi au za kuandika ujumbe wa komiti, yapeleke kwenye faili la `CONTRIBUTING.md`. Faili hilo likiwa kwenye mzizi wa repo, au ndani ya folda ya `docs` au ya `.github`, GitHub huweka kiungo chake mbele ya mtu anayefungua ripoti au ombi la kuunganisha mabadiliko, yaani wakati ule ule anapolihitaji.

Swali gumu la sehemu hii ni sentensi zinazowahusu watu wawili. Mchangiaji naye anahitaji Python 3.10 na mazingira pepe. Je, umrudishe kwenye Kusakinisha au umwandikie upya? Ninatumia kanuni hii: ukweli unaobadilika, kama namba ya toleo, uandikwe mahali pamoja tu, na sehemu nyingine iuelekeze, amri za kufuatwa zirudiwe. Ukimwambia mchangiaji "kwanza fuata hatua za Kusakinisha", atasakinisha toleo lililochapishwa kisha kulibadilisha kwa toleo la folda, na katikati hapo hatajua ni lipi linaloendeshwa. Kwa hiyo mwandikie mfululizo wake mzima, ukianza baada ya `git clone`:

```
python3 -m venv .venv
. .venv/bin/activate
pip install -e ".[dev]"
pytest
```

Neno `dev` lililomo kwenye mabano linapaswa kuwa ni jina lililotajwa katika `pyproject.toml` chini ya vitegemezi vya hiari. Kama halimo, `pip` hutoa onyo tu na kuendelea, kisha `pytest` ndiyo inayokosekana hatua moja mbele. Kwa hiyo malalamiko kwamba `pytest` haipo yakaguliwe kuanzia `pyproject.toml`.

## Kuhamisha bila kupoteza sentensi

Kosa la kawaida la anayepanga upya ni kuhamisha na kuandika upya kwa pamoja. Sentensi moja inadondoka, na anayepitia mabadiliko hawezi kujua, kwa sababu git inaonyesha mstari mmoja mrefu uliofutwa na mistari mingi mipya. Fanya kazi katika komiti tatu.

Katika ya kwanza, vunja aya ili kila sentensi, au kila kipande kinachojitegemea, kikae kwenye mstari wake, bila kubadilisha neno hata moja. Ukurasa hautabadilika, kwa sababu ile ile tuliyoiona mwanzoni: Enter moja haianzishi aya. Kabla ya kukomiti endesha `git diff --word-diff`. Kwa kuwa inalinganisha maneno na kupuuza mapumziko ya mistari, isionyeshe neno lolote lililofutwa wala kuongezwa. Ikionyesha, umegusa kitu.

Katika ya pili, weka vichwa vitatu na uhamishe mistari kwenda chini yake. Kwa kila mstari jiulize nani anautekeleza, si unahusu nini. "Inahitaji Python 3.10" inahusu lugha, lakini anayeitekeleza ni msakinishaji. "Faili liwe na safu ya `mm`" inahusu data, lakini anayeitekeleza ni mtumiaji. Sentensi isiyotekelezwa na yeyote, kama ile inayoeleza programu ni nini, inabaki juu ya vichwa vyote, na ikiwa ziko nyingi, ni moja au mbili tu zinazostahili kubaki. Kisha kagua:

```
git diff --color-moved=plain
```

Mistari iliyohama tu itakuwa na rangi yake tofauti. Mstari uliofutwa wenye rangi ya kawaida ya kufuta ni sentensi iliyopotea. Katika mfano wetu, mstari unaopotea kirahisi ni wa `sudo`, kwa vile haueleweki uende wapi.

Komiti ya tatu ndiyo ya kuandika: kutoa amri ndani ya sentensi, kuongeza mfano wa CSV, kuondoa viunganishi vya "halafu" na "ukishafanya" ambavyo havina kazi tena. Kama wewe si mtunzaji wa repo, mpe nafasi ya kuzikubali mbili za kwanza kabla ya hii. Ni rahisi kukubali uhamisho ambao umethibitika kutobadilisha neno.

## Kujaribu maagizo mahali pasipo na kitu

Kompyuta ya mtunzaji haifai kwa jaribio hili, maana kila kitu kimo. Tumia kontena tupu:

```
docker run -it --rm python:3.12-slim bash
```

Fuata Kusakinisha neno kwa neno, kwa kunakili, bila kuongeza ujuzi wako. Kisha fungua kontena jipya na ufuate Kuchangia. Hapo utakwama kwenye hatua ya kwanza, kwani picha hiyo haina git, na ujumbe `git: command not found` unakukumbusha kwamba README haikuitaja kuwa sharti. Kwa kosa la `externally-managed-environment`, picha hii haitakuonyesha, kwa kuwa Python yake haikutoka kwenye vifurushi vya Debian. Tumia `debian:12`, endesha `apt update`, sakinisha `python3`, `python3-pip` na `python3-venv` kwa `apt`, kisha ujaribu kwa mazingira pepe na bila hayo.

## Dalili zinazojitokeza baada ya kupanga upya

Viungo vya ndani vinaweza kwenda pasipotakiwa. GitHub hutengeneza nanga ya kila kichwa kwa kuyafanya maneno yake herufi ndogo na kuweka vistari mahali pa nafasi, hivyo `## Kuchangia msimbo` inafikiwa kwa `#kuchangia-msimbo`. Ukiwa na kichwa kidogo cha "Windows" chini ya Kusakinisha na kingine chini ya Kuchangia, cha pili kinakuwa `#windows-1`, na kiungo cha mchangiaji kinampeleka kwenye hatua za msakinishaji, yaani mkanganyiko ule ule uliokuwa kwenye ukuta. Vipe majina tofauti, kama vile "Kusakinisha kwenye Windows".

Mwisho ni ukurasa wa PyPI. Watu wataendelea kuuliza maswali ya zamani kwa sababu wengi wao hawajaiona README mpya: PyPI huonyesha maandishi yaliyopakiwa pamoja na toleo, na kubadilisha faili kwenye repo hakuugusi ukurasa huo mpaka utoe toleo jingine. Kabla ya kulitoa, endesha `twine check dist/*` ili kuhakikisha maandishi yataonyeshwa ipasavyo, na ukibadilishe kiungo cha `CONTRIBUTING.md` kuwa anwani kamili ya wavuti, kwani njia fupi inayofanya kazi ndani ya repo haifiki popote ikiwa juu ya ukurasa wa PyPI.